Hotuba ya Kuchangisha Ujenzi wa Zahanati: Somo kutoka Ukanda wa Kasumulu

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji nchini Tanzania kiwe na zahanati. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba wananchi huinua boma kwa nguvu zao, kisha Serikali husaidia kuliezeka na kulimalizia. Kwa hiyo mhudumu wa afya mara nyingi huombwa kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kuomba michango. Somo hili linaeleza namna ya kuiandaa hotuba hiyo.

Tuchukue kijiji cha kufundishia, kilicho karibu na Kasumulu, kandokando ya Mto Songwe. Kina kaya 400. Mvua za Kyela zikizidi, mto hufurika na njia ya kwenda zahanati ya jirani hukatika.

Kazi ya kwanza hufanyika kabla ya hotuba. Kamati ya ujenzi humwendea mhandisi wa halmashauri kupata ramani na makadirio ya vifaa, na humwendea mganga mkuu wa wilaya kuhakikisha kuwa zahanati hiyo imo katika mipango yake. Jengo lisilojulikana wilayani huweza kukamilika likakosa watumishi na dawa. Tuseme makadirio yanataja tofali za kuchoma 20,000 na mifuko 120 ya saruji, ambayo kwa shilingi 20,000 kila mfuko ni shilingi 2,400,000. Ukigawanya kwa kaya 400, kila kaya inaombwa tofali 50 na shilingi 6,000. Hesabu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa hotuba, kwa sababu msikilizaji huogopa ombi lisilo na mwisho kuliko ombi kubwa.

Hotuba yenyewe yaweza kuwa hivi:

«Mwenyekiti, wazazi wangu, ndugu zangu, ndaga. Kila mmoja wetu anaijua njia ya kwenda zahanati, na anajua inavyokuwa mto ukijaa. Mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kuusubiri mto upungue. Mtoto mwenye malaria kali hawezi kusubiri hadi kesho. Leo siombi tujenge zahanati nzima. Naomba tuinue boma. Boma linahitaji tofali 20,000 na saruji mifuko 120. Kwa kila kaya ni tofali 50 na shilingi 6,000. Asiye na fedha sasa, na alete baada ya kuuza mpunga au kakao. Asiye na tofali, na achote mchanga au asombe maji. Wajane na wazee wasiojiweza, kamati itawaorodhesha na hawatadaiwa. Kila senti itakatiwa stakabadhi, na hesabu itabandikwa ofisi ya kijiji kila mwezi. Mimi naanza na sehemu yangu. Ndaga fijo.»

Tazama mpangilio wake. Hotuba inaanza na jambo ambalo wasikilizaji wenyewe wamelipitia, inataja hatua moja tu ya ujenzi, inatoa kiasi, inafungua mlango kwa asiye na fedha, kisha inaonyesha jinsi mali itakavyolindwa. Msemaji anatoa mchango wake mwishoni, wasikilizaji wakiwa wamekwisha kujua wanaombwa nini.

Makosa matatu huharibu hotuba kama hii. La kwanza ni kusimulia habari za mgonjwa anayetambulika. Hata bila jina, kijijini watu humjua, na siri ya tiba huwa imevunjwa. La pili ni kutisha kwamba asiyechanga hatatibiwa. Mchango wa ujenzi si ada ya matibabu, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mgonjwa akiambiwa vinginevyo, ana haki ya kuuliza. La tatu ni kuahidi kwa niaba ya Serikali. Ni kweli kwamba imekuwa ikitoa fedha, mara nyingi shilingi milioni 50, kumalizia boma moja la zahanati. Lakini fedha hizo hutegemea bajeti. Msemaji aseme kuwa ombi litapelekwa, asiseme kuwa fedha zitakuja.

Majira nayo yana uzito. Tofali mbichi huharibiwa na mvua, na boma lisiloezekwa huanza kulika kuta. Kwa hiyo mkutano uitishwe mvua zinapoelekea kwisha, ili tofali zifyatuliwe na kuchomwa kiangazi, wakati fedha za mavuno zipo mikononi.

Mafanikio ya hotuba hayapimwi kwa makofi. Yapimwe mwezi mmoja baadaye kwa daftari la kila kitongoji: kaya ngapi zimeleta, ngapi zimeahidi, ngapi zimenyamaza. Kitongoji kizima kikinyamaza, kamati ikakisikilize kwanza kabla ya kukilaumu. Huenda kinapinga mahali pa kiwanja, au hakijasomewa hesabu ya mchango uliopita.