TAIRI KUUKUU: MAJI, MOSHI NA WAYA

Hapa kwetu Mwandoya matairi hayakosi. Yanakuja na malori ya pamba, na trekta za kulimia, na pikipiki, na mikokoteni ya ng'ombe. Tairi likishakuwa kipara, au likipasuka ubavu, mwenye gari humwachia fundi wa pancha. Fundi hulitupa nyuma ya kibanda. Watoto nao hulisukuma mpaka nyumbani, na wakichoka nalo linabaki chini ya mti. Litakaa hapo miaka na miaka, maana tairi haliozi kama kamba ya katani au mti.

Wengi wetu tunaona tairi hilo ni kitu kisicho na madhara. Basi hebu twende tukalitazame kwa karibu.

Kwanza tutazame maji. Chukua tairi ulilaze chini, kisha mwagia maji ya kikombe kimoja. Sasa jaribu kuyamwaga yote. Utaligeuza huku na huku, na bado mengine yatabaki ndani. Lisimamishe, maji yatakwenda chini. Lilaze, yatazunguka pembeni. Umbo la tairi ni kama mfereji uliojikunja, kwa hiyo vyovyote utakavyoliweka lina mahali pa kushika maji. Na ndani mna kivuli, jua halifiki, maji hayakauki upesi. Majani yakidondokea humo yanaoza, yanakuwa chakula cha viluwiluwi.

Mbu anayependa mahali hapo si yule wa malaria tuliyemzoea. Wa malaria hupenda zaidi maji ya ardhini, kama madimbwi na kwato za ng'ombe zilizojaa mvua. Huyu wa tairi anaitwa aedesi. Ni mweusi, mwenye madoa meupe mwilini na pete nyeupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Kwa hiyo chandarua cha usiku hakikusaidii sana kwake, ingawa mtoto anayelala mchana ni vizuri alale ndani ya chandarua.

Aedesi ndiye anayeeneza homa ya kidingapopo. Ugonjwa huo uliupiga mji wa Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019, na watu wengi waliugua. Huyo huyo hueneza chikungunya, homa ya kukaza viungo. Homa hiyo ilijulikana kwa mara ya kwanza hapa hapa Tanzania, mwaka 1952, upande wa Newala, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja kwa maumivu. Mtu akiwa na homa kali, maumivu ya viungo na nyuma ya macho, na kipimo cha malaria kikasema hana, asikae nyumbani kubahatisha dawa. Hasa asimeze aspirini, maana katika kidingapopo aspirini inaweza kuongeza kutoka damu. Aende zahanati.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mbu huyu hatagi mayai yake juu ya maji. Huyagandisha kwenye ukuta wa tairi, juu kidogo ya maji yanapoishia. Maji yakikauka mayai hayafi. Yanangoja. Yanaweza kungoja miezi mingi, hata zaidi ya 6. Fikiria basi kiangazi chetu. Mbu ametaga mwezi wa Mei mvua zikiisha. Tairi limekauka kabisa Juni, Julai, mpaka Oktoba. Mvua ya kwanza ya Novemba ikiingia, mayai yanaanguliwa, na kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi una mbu wanaoruka. Tena tairi likihamishwa, mayai husafiri nalo. Mwaka 1985 mbu wa jamii hiyo kutoka Asia walionekana wamekwisha zaana katika mji wa Houston, Marekani. Wataalamu waliona kwamba waliletwa na matairi makuukuu yaliyoshushwa melini.

Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Fanya hivi. Chota maji ya ndani kwa kikombe cheupe utazame. Ukiona vidudu vinavyojipindapinda na kukimbilia chini kivuli chako kikipita, hao ni viluwiluwi. Yamwage maji hayo juu ya ardhi kavu penye jua, usiyamwage kisimani wala kwenye dimbwi. Halafu chukua gunia na mchanga, usugue ukuta wa ndani kwa nguvu kuzunguka pande zote, ili mayai yang'oke. Kisha tairi liingie chini ya paa. Kama paa hakuna, litoboe. Matundu yawe mapana kama kidole, maana tundu la msumari huzibwa na jani moja. Tairi linalolala litobolewe ubavu wa chini, mahali panne au zaidi. Tairi la bembea ya watoto litobolewe pale chini linaponing'inia.

"Basi tulichome, yaishe." Ndivyo wanavyosema wengi, na tairi likishika moto kweli linawaka vizuri. Tena wapo wanaolichoma makusudi ili wapate waya wa kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wapo wanaobabulia kichwa cha mbuzi.

Moshi ule mweusi si moshi wa kuni. Mpira wa tairi umepikwa kiwandani pamoja na salfa na mafuta. Ukiungua, salfa hutoa hewa kali inayochoma macho na kifua, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa siku hiyo hiyo. Masizi hutua juu ya bati, na mvua ikinyesha hushuka nayo mpaka kwenye pipa la maji ya kunywa. Hayo masizi ndiyo yanayoganda pia kwenye nyama ya kichwa cha mbuzi. Chini ya moto nako hutiririka mafuta meusi yanayoingia ardhini. Na ukitaka kuuzima ni kazi, kwa sababu tairi lina uwazi ndani unaoleta hewa. Maji ya ndoo hayasaidii sana. Mwagia udongo mwingi mpaka moto ukose pumzi.

Mtu atauliza, mbona viwanda vya saruji katika nchi nyingine huchoma matairi? Ni kweli. Lakini vinayachoma katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,400 na zaidi, na moshi wake huchujwa. Moto wa nyuma ya nyumba haufiki hata karibu na joto hilo.

Sisi wafugaji tuna sababu nyingine, na kwa maoni yetu ndiyo inayouma zaidi. Tairi la lori la siku hizi laweza kufika kilo 50 au kupita, na zaidi ya kilo 10 kati ya hizo ni waya. Waya ule mnene wa ukingoni hauna tatizo, unaonekana. Tatizo ni nyaya nyembamba zilizofumwa ndani. Zikipita kwenye moto hukatikakatika vipande vifupi kama sindano, vikabaki ndani ya majivu. Ng'ombe hupenda kulamba majivu kwa ajili ya chumvi. Na ng'ombe hachagui kwa midomo kama mbuzi. Anameza kwanza, anatafuna baadaye.

Kipande cha waya hukaa katika tumbo lake la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki. Tumbo hilo liko mbele, karibu sana na moyo. Linapojikaza, waya unasukumwa, unatoboa ukuta, na siku nyingine unafika kwenye moyo wenyewe. Mwenye ng'ombe ataona hivi: ng'ombe ameacha kula ghafla, maziwa yamepungua, amesimama na mgongo uliopinda, viwiko vya mbele amevitanua, na anagoma kuteremka mteremko. Ukimfinya mgongoni anaguna. Sindano pekee haiondoi waya. Mwite bwana mifugo mapema, na umwambie kwamba kulichomwa tairi, maana bila kuambiwa anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine.

Kama mahali pameshachomwa, tafuta sumaku ya spika ya redio mbovu, uifunge kamba, uiburute juu ya majivu mara nyingi. Utashangaa zitakazonasa. Kisha majivu yazikwe shimo refu, na juu yake weka miiba.

Sasa tairi lifanyweje? Kwanza ulijue ni la aina gani. Soma namba za ubavuni. Ukiona 10.00-20 au 7.50-16, yaani kistari katikati, kwa kawaida hilo ni tairi la nyuzi. Ukiona 10.00R20 au 7.50R16, yaani herufi R, hilo lina waya. Kama namba zimefutika, weka sumaku juu ya upande unaokanyaga barabara. Ikinata, lina waya. Usiiweke ukingoni, kwa sababu ukingo wa kila tairi una waya na itakudanganya.

Tairi la nyuzi ni mali ya fundi wa katambuga. Alowanishe kisu kwa maji ya sabuni, kwani kisu kikavu hunasa kwenye mpira. Aanze kukata ukingo wa ndani kuzunguka, autoe. Halafu akate mbavu zote mbili. Kinachobaki ni pete pana, ambayo akiikata mara moja inakuwa mkanda mrefu. Hebu tupige hesabu kwa tairi la lori. Tupime mkanda kwa kamba, tupate sentimita 320, na upana sentimita 20. Soli moja ina urefu wa sentimita 28 na upana wa sentimita 10. Kwa urefu, 320 gawanya kwa 28 ni 11, na baki sentimita 12. Kwa upana zinakaa soli 2. Basi 11 mara 2 ni soli 22, yaani jozi 11 za katambuga. Kamba za kufungia zikatwe kwenye mbavu, au kwenye tyubu kuukuu.

Tairi la waya lisikatwe soli. Waya utachomoza baada ya muda mfupi, na utachoma mguu wa mvaaji. Lakini mbavu za tairi la gari dogo mara nyingi zina nyuzi tu, na hizo hukatika kwa kisu. Tairi zima la waya lipangwe mahali mvua inapokula udongo, kwa mfano kwenye mteremko wa kisimani, liwe ngazi. Lijazwe udongo na kushindiliwa kwa mti mpaka ndani ya mbavu pasibaki uwazi. Hapo ndipo wengi hukosea: hujaza katikati tu, na ndani ya mbavu mfereji ule unabaki mtupu, ukingojea mvua.

Wapo pia wanaopasua tairi katikati kuzunguka ili liwe birika la kunyweshea ndama. Birika hilo ni zuri kwa tairi la nyuzi. Limwagwe na kusuguliwa kila wiki siku moja, tuseme kila Jumamosi, ili viluwiluwi wasifikishe siku zao. Pete za ukingo zilizobaki zifungwe pamoja, zitundikwe juu ya mti au ukutani mpaka mnunuzi wa chuma apite. Akikuambia uzichome kwanza ili mpira utoke, mwambie azichukue zilivyo na apunguze bei.