Jenereta ya duka Ng'ambo: soma kibati kabla ya jina

Duka langu liko Ng'ambo, Tabora mjini. Vinavyokula umeme humo ni vilevile utakavyovikuta kwenye maduka mengi ya mtaani: friji ya kioo ya soda na maji, friza ya kulala, taa sita, redio, simu za kuchaji na mashine ya risiti. Watu wakisikia nimenunua jenereta huuliza kwanza ni ya kampuni gani. Huwa nawaambia jina lisubiri, wainame wasome kibati kilichobandikwa ubavuni.

Kibati kina namba mbili za wati. Kubwa ni ya kilele, ambayo mashine huimudu kwa muda mfupi tu. Ndogo ni ya kazi ya kuendelea, na hiyo ndiyo unayoinunua. Jina la modeli halikusaidii hapo. Honda EU22i ina kilele cha wati 2,200 lakini ya kuendelea ni 1,800. Tiger TG950, ile ndogo inayofahamika kila soko, ya kuendelea ni 650. Kuna nyingine zisizo na ukoo zimeandikwa 6500 kwa herufi kubwa, na ukiangalia injini ni ya sentimita za ujazo 196 tu. Injini ya ukubwa huo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kutoa umeme wetu wa hezi 50, haivuki sana wati 2,000 hadi 2,500 za kuendelea. Ukubwa wa injini ni vigumu kuudanganyia kuliko karatasi ya gundi.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hana sababu ya kukuambia. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Vitabu vya Honda vinasema injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Zidisha mara nne, unapata asilimia 14. Kwa hiyo ile ya 1,800 ikifika kwetu hesabu 1,550, na ya 650 hesabu 560. Usimruhusu fundi atoboe jeti ya kabureta ati "ipate nguvu ya huku". Hewa ikipungua, petroli tayari imezidi kwenye mchanganyiko; tundu likiongezwa, plagi itakuwa nyeusi kwa masizi na mashine itakula mafuta zaidi. Jeti hubadilishwa kwa ndogo, tena hilo hushauriwa kuanzia kama mita 1,500, na sisi hatujafika huko.

Sasa hesabu ya duka. Friji ya kioo ina kibati chake nyuma. Yangu imeandikwa ampia 1.3, ukizidisha kwa volti 230 ni kama wati 300. Friza ni 150. Taa, redio, chaji na mashine ya risiti kwa pamoja nimeziweka 110. Jumla 560. Mtu atasema Tiger inatosha, namba zimelingana kabisa. Shida ni kompresa. Inapoanza kuzunguka huvuta mara tatu hadi tano ya umeme wake wa kawaida, kwa nukta chache. Chukua mara nne: friji pekee inataka 1,200 wakati friza na vingine vinakula 260. Hapo ni 1,460. Mashine ya 1,800 iliyobaki 1,550 inapita kwa kubana, na ya 2,000 inapita vizuri. Tiger haiwezi, nayo haina kosa, kwani imetengenezwa kwa taa, televisheni na simu. Kwa kibanda cha kunyolea au cha kuchaji simu ningeinunua, mradi mwenye nayo akumbuke kuchanganya oili mililita 20 kwa kila lita ya petroli.

Ukishajua unataka wati 1,800 hadi 2,000 za kuendelea, unabaki na aina mbili mbele yako: ya kawaida, na ya inveta kama hiyo EU22i au wenzake wa Yamaha. Ya kawaida lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika hata kama umewasha taa moja. Ya inveta hupunguza mwendo mzigo ukipungua. Mzigo wa duka ni mdogo muda mwingi, maana kompresa huzima na kuwaka. Kwa vipimo vya Honda, tangi la lita 3.6 linakwenda saa 8 kwa robo ya mzigo, yaani lita 0.45 kwa saa. Ya kawaida ya ukubwa huo, kwa mzigo uleule, tegemea kama 0.7 au 0.8.

Tofauti ya lita 0.3 inavutia mpaka uipigie hesabu. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Tabora tunalipia pia safari ya mafuta kutoka bandarini; kwa urahisi tuseme lita ni 3,000. Unaokoa shilingi 900 kwa saa. Umeme ukikatika saa 20 kwa mwezi, ni 18,000. Kama inveta imezidi bei kwa 1,500,000, utairudisha baada ya karibu miaka saba. Kwa mafuta peke yake, mimi siinunui.

Kelele ndiyo inayoweza kubadili uamuzi. Maduka yetu yamegusana kuta, na jirani yangu ni mama anayeshona nguo mlango wazi mchana kutwa. Desibeli zilizoandikwa kwenye boksi zisikubabaishe mpaka ujue zimepimwa wapi. Alama ya LWA ni sauti inayotoka kwenye mashine yenyewe. Nyingine hupimwa mita 7 mbali, na hiyo husomeka chini kwa kama desibeli 25 kwa mashine ileile. Mbili hizo hazilinganishwi. Ukiwa na uwanja nyuma, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Mimi nina mwembe nyuma ya duka. Jenereta ya kawaida iko chini yake, imefunikwa bati juu tu, bomba la moshi limeelekea uwazini, na waya wa milimita 2.5 za mraba unafika dukani bila kupoteza volti za kuhesabika. Asiye na uwanja anunue inveta, maana ya kelele itamshawishi aiingize stoo, na moshi wa jenereta yoyote ndani ya stoo unaua, iwe tulivu au ya kelele.

Jina la kampuni linaingia hapa mwisho: kati ya zilizopita, chagua ile ambayo fundi wako anaweza kupata kabureta yake, kamba ya kuvutia na kidhibiti volti hapahapa mjini. Kabla ya kulipa, nenda dukani na pasi mbili za wati 1,000 na kipima volti. Chomeka zote mbili kwa muda mfupi. Mashine iliyoandikwa 2,000 itahema kidogo kwa sababu ya mwinuko wetu, hilo si kosa. Lakini volti zikishuka chini ya 210, au mlio ukapanda na kushuka bila kutulia, chomoa moja. Ikiendelea kuyumba na pasi moja, mwachie muuzaji mashine yake.