Mkopo wa tangi Nunguni: riba ya kweli ni ngapi?

Kwenye milima ya Kilungu, tangi la kukingia maji ya paa hununuliwa kabla mvua za Novemba hazijaanza, na mara nyingi kwa mkopo. Tuseme mkulima wa karibu na Nunguni amekopeshwa shilingi 60,000, alipe 5,900 kila mwezi kwa miezi 12. Ameambiwa riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Hesabu hiyo ni sahihi, ila riba imepigwa juu ya 60,000 zote hadi mwezi wa mwisho, ingawa deni linapungua kila anapolipa.

Ili kupata riba inayotozwa kwenye salio lenyewe, fungua Excel au Google Sheets, hata kwenye simu, uandike:

```
=RATE(12,-5900,60000)
```

Kwanza idadi ya malipo, kisha kiasi cha kila lipo, kisha fedha ulizopokea. Lipo lina alama ya kutoa kwa sababu pesa hizo zinatoka mfukoni mwako. Huenda kisanduku kikaonyesha 3% tu. Ongeza nafasi za desimali utaona 2.64%. Hiyo ni ya mwezi, kwa kuwa malipo ni ya kila mwezi. Zidisha kwa 12 upate takriban asilimia 31.7 kwa mwaka, si 18 aliyoidhania.

Na kama mkopeshaji alikata 1,500 za ada kabla ya kumpa pesa? Weka 58,500 mahali pa 60,000, maana ndizo zilizomfikia mkononi. Riba inapanda hadi karibu asilimia 3.07 kwa mwezi. Mimi ningeanzia hapo, kwani ada ndiyo husahaulika kwanza.

Sasa tuseme chama cha akiba na mikopo kingempa 60,000 hizohizo kwa asilimia 1 ya salio linalopungua. Akiendelea kulipa 5,900, atamaliza lini?

```
=NPER(1%,-5900,60000)
```

Jibu ni 10.78. Maana yake ni malipo kamili 10, kisha la 11 dogo zaidi. Usilikadirie kwa kuzidisha 0.78 na 5,900. Tafuta salio baada ya malipo 10:

```
=FV(1%,10,5900,-60000)
```

Utapata kama 4,550. Ongeza riba ya mwezi mmoja, lipo la mwisho liwe takriban 4,596. Jumla anatoa 63,596, badala ya 70,800.

NPER ikikupa miezi hasi, umesahau alama ya kutoa. Ukijaribu lipo la 500 itaandika `#NUM!`, na hapo fomula haina kosa: riba ya mwezi wa kwanza pekee ni 600, kwa hiyo deni hilo litazidi kukua.