Kabla ya Kulipa Kiwanda, Uliza Vipimo vya Katoni

Mteja wetu mwenye duka dogo la fanicha Nakuru anaona kabati la nguo kwenye picha ya kiwanda cha Nairobi: milango mitatu, kioo kimoja, upana sentimita 120, kina 50, urefu 200. Bei ni sh 18,500. Anataka manne, jumla sh 74,000, na simu iko mkononi. Hapo ndipo tungependa asubiri kidogo, kwa sababu vile vipimo alivyosoma si vya mzigo utakaosafiri. Ni vya kabati likiwa limeshasimamishwa na fundi chumbani.

Kabati la kiwandani kwa kawaida huja kwa vipande, ndani ya katoni mbili au tatu. Katoni ndizo zitapanda pikapu, zitapita mlango wa stoo na kubebwa kwa ngazi. Ukishalipa pesa yote, kisha pikapu ifike kiwandani na mzigo ukatae kuingia, safari ya pili ya karibu kilomita 160 ni juu yako. Kwa hivyo andika barua kwanza. Unaweza kuituma kwa WhatsApp au barua pepe, mradi jibu lirudi kwa maandishi. Hii hapa moja unayoweza kuiga:

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: VIPIMO KAMILI VYA KATONI ZA KABATI LA MILANGO MITATU

Bwana/Bibi,

Mimi ni mwenye duka la fanicha hapa Nakuru. Nataka kuagiza makabati manne ya milango mitatu yenye kioo. Kabla sijatuma malipo ya kwanza, naomba mnijulishe yafuatayo kwa maandishi:

Kabati moja linakuja katika katoni ngapi? Kwa kila katoni, naomba urefu, upana na unene kwa sentimita, ukipimwa nje ya katoni pamoja na vilinda kona, na uzito wake kwa kilo. Kioo kiko katoni gani, na kinasafirishwa kikiwa kimelala au kimesimama? Ni katoni ngapi zinaweza kupangwa moja juu ya nyingine bila kuharibu zile za chini?

Naomba vipimo vichukuliwe kwa katoni iliyoko stoo sasa, si vya kwenye katalogi. Nitakodi gari kulingana na jibu lenu.

Wako mwaminifu,
Mwenye duka, Nakuru

Ile sentensi ya katoni iliyoko stoo usiiondoe. Kiwanda kinaweza kubadilisha foromu ya kukinga kona au kupanga vipande upya, na katalogi ibaki vile ilivyokuwa. Maneno "nje ya katoni" nayo yana kazi yake. Mtu wa mauzo akiwa na haraka anaweza kukupa urefu wa ubao ulio ndani, na kati ya ubao na nje ya katoni kuna foromu na karatasi ngumu pande zote mbili.

Sasa tuseme jibu limekuja hivi. Katoni ya kwanza, yenye mbao za pembeni na milango, ni 207 kwa 55 kwa 14, kilo 58. Ya pili, yenye rafu, juu na chini, ni 125 kwa 52 kwa 12, kilo 26. Ya tatu ni kioo peke yake, 125 kwa 45 kwa 5, kilo 6, na lazima isafiri ikiwa imesimama kwa ukingo wake. Za mbao zinaweza kupangwa hadi tano.

Kwanza jiulize kama jibu lenyewe linaaminika. Kabati la urefu wa 200 lenye mbao za pembeni zisizo na kiungo haliwezi kuwa na katoni ndefu ya 200 kamili. Ukiona hivyo, jua mtu amenakili vipimo vya kabati. Hapa tuna 207, kwa hivyo foromu imehesabiwa. Kisha angalia unene. Katoni ya kwanza ina mbao mbili za pembeni, moja ya katikati na milango mitatu, yaani vipande sita. Kila kimoja kikiwa cha milimita 16, hiyo ni milimita 96 kabla ya foromu. Katoni ya 14 inaingia akilini. Wangesema 8, ungepiga simu.

Baada ya hapo chukua tepu uende kwa gari. Probox tuiache: hata ukikunja viti vya nyuma, sakafu yake ni kama mita 1.8, na katoni yetu ni zaidi ya mita mbili. Tuseme umepima pikapu ya jamaa wa stejini na kupata urefu wa ndani 230, upana 150, lakini kati ya vile vibonge vya magurudumu ni 110 tu. Watu wengi hupima ule upana wa 150 na kusahau vibonge.

Ukitaka kulaza katoni mbili ndefu kando kwa kando, 55 na 55 ni 110 kamili. Hazitashuka; zitakwama juu ya vibonge. Badala yake panga zote nne ndefu safu moja, unene wake jumla ni 56. Kando yake weka zile nne fupi, unene 48. Upana sasa ni 55 na 52, yaani 107, na umebakiwa na sentimita tatu. Kwa urefu, 230 ukitoa 207 unabaki na nafasi ya 23 nyuma ya kichwa cha gari. Vioo vinne vikisimamishwa pamoja ni unene wa 20, na urefu wao wa 125 unakaa kukingama ule upana wa 150. Vyote vimeingia. Lakini kama kiwanda kingekuambia "ni mita mbili na kidogo tu" na katoni iwe 212 kumbe, nafasi ingebaki 18 na vioo vingekosa pa kusimama.

Uzito wote ni kilo 360. Kumbuka pia watu: kilo 58 kwenye ngazi za stoo si kazi ya kijana mmoja. Na usisahau turubai, maana ubao wa chipbodi ukinywa maji pembeni huvimba na haurudi.

Sasa pesa. Mkishakubaliana, tuma malipo ya kwanza, tuseme asilimia 30, yaani sh 22,200, kwa nambari ya Paybill iliyo kwenye ankara. Kwenye Account Number andika nambari ya ankara, wala si jina lako, ili malipo yaonekane kwa oda yako. Kabla malipo hayajakamilika, soma jina la biashara linalotokea kwenye simu; lisipolingana na la ankara, acha hapo. Omba ankara itaje vipimo vya katoni kama walivyokuandikia. Salio la sh 51,800 lilipe pikapu ikiwa kiwandani, baada ya dereva au mtu wako kupima katoni moja ya kila aina na kukutumia picha ya tepu ikiwa juu yake. Zikitofautiana na ankara, mpigie meneja wa mauzo kabla mzigo haujafungwa kamba.