Mchanganuo wa mkopo: hiyo asilimia 30 umeitoa wapi?

Kijana mmoja wa hapa Sapiwi alinionyesha mchanganuo wake wa pamba ekari 6. Mavuno yanapanda asilimia 30 kila mwaka, na bei nayo inapanda. Nikamuuliza, "Hiyo 30 umeitoa wapi?" Akacheka tu. Afisa mikopo atauliza hivyo hivyo, ila yeye hatacheka.

Tukaanza upya na stakabadhi zake za AMCOS. Misimu mitatu alipata kilo 280, 310 na 160 kwa ekari. Wastani ni kilo 250. Ule msimu wa 160 alitaka kuuficha kwa sababu mvua ilikata. Nikamwambia auache, maana ndio unaofanya namba nyingine ziaminike.

Halafu, ongezeko lazima liwe na sababu inayoonekana shambani. Yeye alikuwa anapanda sentimita 90 kwa 40, yaani mashimo kama 11,000 kwa ekari. Nafasi ya 60 kwa 30 inatoa mashimo kama 22,000. Mashimo kuwa mara mbili haina maana mavuno mara mbili, kwa hiyo tukatumia ushahidi wake: nusu ekari aliyoijaribu ilitoa kilo 180, sawa na 360 kwa ekari. Tukaandika 350, tena kwa ekari 2 tu, kwa sababu palizi na kupulizia anaweza kuvimudu hapo. Ekari 4 zikabaki na 250. Jumla kilo 1,700 badala ya 1,500. Ongezeko ni kama asilimia 13, na kila kilo ina maelezo yake.

Kwenye bei, usipandishe kila mwaka. Bei dira ya pamba ilikuwa shilingi 1,560 mwaka 2022, ikashuka hadi 1,060 mwaka 2023. Tukatumia 1,060, mapato yakawa shilingi 1,802,000.

Mwisho tukapima mwaka mbaya: kilo 160 kwa ekari zote 6 ni kilo 960, sawa na shilingi 1,017,600. Toa 300,000 za kuchuma na kusafirisha, inabaki 717,600. Rejesho la mkopo wake pamoja na riba ni 660,000, analipa mara moja baada ya kuuza. Linalipika, ila kwa shida, inabaki 57,600 tu. Awali alitaka kukopa mara mbili ya hapo. Hesabu hii ndiyo iliyomshusha. Na bei ikishuka chini ya 1,000 mwaka huohuo wa ukame, atapungukiwa. Hilo nalo tuliliandika, pamoja na mbuzi atakaowauza kuziba pengo.

Kwa hiyo kabla hujapeleka mchanganuo wako, pitia kila namba inayopanda na uandike pembeni yake: imetoka kwenye karatasi gani, au kwenye kipande gani cha shamba. Ukikosa cha kuandika, ishushe.