Dondoo Muhimu: Tovuti Imezimika, au Njia Imekatika?

Programu ya Python inayokagua tovuti kila baada ya dakika 5 kutoka kompyuta iliyoko Tanga huweza kutoa tahadhari ya uongo, kwani kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, tovuti za ng'ambo zilifikika kwa shida nchini ilhali seva zake zilikuwa hai. Ombi lipewe ukomo wa sekunde, kwa kuwa maktaba ya `requests` isipoelekezwa husubiri bila kikomo:

```python
requests.get(url, timeout=10)
```

Likishindikana mara 3 mfululizo, programu ijaribu tovuti nyingine ya ng'ambo, ambayo nayo isipojibu, yaelekea hitilafu imo njiani. Tahadhari itumwe kwa SMS kupitia modemu yenye laini ya simu, maana baruapepe haitoki mtandao ukikatika.