Mteja Akinyamaza: Tufunge Kazi au Tuendelee?

Leo tujifunze barua ya kumwandikia mteja aliyenyamaza muda mrefu. Tuchukue mfano wa fundi seremala. Mteja wake anafanya kazi mjini. Aliagiza milango minne, akatoa arbuni, kisha kimya. Miezi sita sasa. Milango miwili iliyokwisha imeegemea ukuta wa karakana.

Barua ya kwanza ya fundi ilisema hivi: "Mbona umenyamaza? Tafadhali nijibu upesi." Haikujibiwa. Sisi hatushangai. Pengine mteja hana fedha na anaona haya, na barua ile imemwongezea haya tu. Tena haikumwambia ajibu nini.

Basi kabla ya kushika kalamu, tufungue daftari la oda tupige hesabu. Milango minne kwa shilingi 120,000 kila mmoja ni shilingi 480,000. Arbuni ni 200,000. Kazi ikiendelea, salio ni 280,000. Ikifungwa sasa, miwili iliyokwisha ni 240,000, kwa hiyo salio ni 40,000 tu. Mteja aliyekuwa akiogopa deni kubwa ataona kumbe kuna njia ya kutoka.

Sasa tuandike:

"Ndugu,

Yah: Milango ya nyumba yako

Tarehe 4 Machi 2024 uliagiza milango minne, ukalipa arbuni shilingi 200,000. Miwili iko tayari. Miwili sijaianza. Naomba uniambie kama niendelee au tufunge kazi hapa ilipofika. Tukiendelea, utabakiza kulipa shilingi 280,000, nami nitamaliza kwa wiki tatu. Tukifunga, utachukua miwili iliyo tayari kwa kumalizia shilingi 40,000. Jibu lolote kati ya haya nitalipokea bila kinyongo. Bei hii ni mpaka tarehe 30 Septemba 2024. Nisipopata jibu kufikia siku hiyo, miwili iliyobaki sitaianza, na ile iliyo tayari nitaendelea kukutunzia."

Angalieni sentensi ile ya mwisho. Wapo mafundi wanaoandika, "Usipojibu nitaiuza." Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana arbuni yake imo ndani ya milango ile, na kimya chake si ruhusa. Fundi aamue juu ya kazi yake mwenyewe tu: kutoanza miwili mingine, na mbao zake kuzitumia kwa oda nyingine.

Neno "upesi" nalo tumeliacha. Kwa mmoja upesi ni kesho, kwa mwingine ni baada ya mavuno. Tarehe haina ubishi.

Chini ya barua tuache nafasi yenye maneno mawili, "Endelea" na "Funga", mteja apige alama, atie sahihi na kuirudisha kwa aliyeileta. Mtu mwenye haya huweza kupiga alama hata akishindwa kuandika maelezo.

Nakala ibaki ndani ya daftari, pamoja na tarehe ya kupeleka na jina la aliyeipeleka. Siku mteja akitokea na kusema, "Mbona hukuniambia?", fundi atafungua ukurasa ule.